Pumzi Ndogo

Mwaka 2020 neno ventileta liliingia Eastlands likakaa. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi na Waziri wa Afya Mutahi Kagwe. Wiki mbili baadaye kafyu ikaanza, mathree zikapunguza abiria, na kufikia Mei Eastleigh ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Pale Umoja nilipokuwa nikiishi, watu ambao hawajawahi kukanyaga wadi ya wagonjwa mahututi walikuwa wanakutajia idadi ya mashine nchini kama wanakutajia bei ya unga. Watafiti waliohesabu mwaka huo walipata ventileta 256 kwa nchi nzima, na kaunti 22 tu kati ya 47 zilikuwa na walau wadi moja ya mahututi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walipounda mashine yao na kuiita Tiba Vent, tulishangilia kama timu imefunga bao.

Lakini pembeni ya hesabu hiyo kulikuwa na uvumi uliotembea plot hadi plot: mashine ndiyo inaua. Ukiskia mtu amewekwa mashine, anza kuchanga pesa ya matanga. Wengine walicheka, wengine wakakataa kumpeleka mzee hospitali hadi midomo ikawa ya bluu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina digrii ya kukutisha nayo. Ninachofanya ni kusoma na kuandika, na uvumi ule ulinisumbua kwa sababu kila nilipoufuatilia nyuma katika historia, nilikuta kwamba si uongo mtupu. Kuna wakati, na si zamani sana, ambapo mashine ya kupumulia ilikuwa inasaidia kuua watu iliokusudiwa kuwaokoa. Haikuwa mbovu. Ilikuwa inawapa hewa nyingi mno. Na dawa iliyopatikana, baada ya zaidi ya miaka 30 ya kubishana, haikuwa mashine mpya. Ilikuwa kupunguza namba moja.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mwaka 1967 madaktari wa Denver, Marekani, wakiongozwa na David Ashbaugh na Thomas Petty, waliandika kuhusu wagonjwa 12 waliowachanganya. Mmoja aliingia na majeraha ya ajali, mwingine na maambukizi ya mapafu, mwingine kongosho limevimba. Walikuja kwa milango tofauti, lakini baada ya muda mfupi wote walifika chumba kimoja: wanahema haraka, mapafu yamekuwa magumu, picha ya eksirei inaonyesha weupe pande zote mbili, na hata ukiwapa oksijeni nyingi damu haiongezeki oksijeni inavyotakiwa. Saba kati ya hao 12 walikufa. Hali hiyo leo madaktari huiita ARDS, na ndiyo hiyo iliyowaua wengi wa waliozidiwa na Korona. Lakini Korona haikuianzisha. Nimonia ya kawaida inaweza kuileta, sumu ya maambukizi kwenye damu inaweza, matapishi yakiingia mapafuni yanaweza, na hata malaria kali.

Kinachotokea ndani ni hiki. Pafu si puto moja, ni mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa. Kila kifuko kimezungukwa na mishipa ya damu myembamba sana, na ukuta kati ya hewa na damu ni mwembamba kuliko karatasi yoyote unayoweza kuishika. Hapo ndipo oksijeni inapovuka. Mwili unaposhambuliwa, askari wake, yaani seli nyeupe za damu, wanakimbilia pale na kumwaga kemikali kali za kumaliza adui. Kemikali hizo hazichagui. Zinatoboa ule ukuta mwembamba, na majimaji ya damu, yenye protini nyingi, yanavuja na kujaza vifuko.

Kuna uharibifu wa pili ambao ni muhimu kwa hadithi hii. Ndani ya vifuko kuna utando wa mafuta mafuta unaoitwa safaktanti, kama sabuni ya mwili, unaozuia kuta zisishikane. Majimaji yale yakiingia, sabuni hiyo inaharibika. Kama ulinunua sukumawiki kabla ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku mwaka 2017, unakumbuka ile mifuko myembamba ikilowa ndani. Kuta zinashikana kabisa. Unahangaika kuifungua, na ukiifungua na kuifunga mara nyingi kwa nguvu, inachanika. Vifuko vya hewa vya mgonjwa wa ARDS viko hivyo. Vingine vimejaa maji, vingine vimebandika. Damu inapita kando yavyo ikitafuta oksijeni, haipati, inarudi kwa moyo jinsi ilivyokuja. Ndiyo maana kufungua bomba la oksijeni hadi mwisho kunaweza kusaidia kidogo tu: hewa haiwezi kuingia nyumba iliyofungwa.

Sasa weka mashine hapo. Ventileta haivuti hewa kama kifua chako kinavyovuta. Inasukuma. Daktari au muuguzi anachagua kiasi cha hewa cha kila pumzi, na mashine inakipeleka ndani kupitia mpira uliopitishwa kooni. Binadamu mzima akiwa ametulia anapumua takriban mililita 6 au 7 za hewa kwa kila kilo ya mwili wake. Lakini kwa miaka mingi, kiasi cha kawaida kwenye mashine kilikuwa mililita 10 hadi 15 kwa kilo, yaani mara mbili ya pumzi ya asili.

Hawakuwa wajinga. Desturi hiyo ilitoka kwenye vyumba vya upasuaji, ambako mgonjwa aliyelazwa usingizi wa dawa akipewa pumzi ndogo sehemu za mapafu yake zinajikunja, na pumzi kubwa inazifungua tena. Halafu kulikuwa na vipimo. Ukimpa mgonjwa wa ARDS pumzi kubwa, damu yake inapimwa baada ya nusu saa na oksijeni imepanda, kabonidioksaidi imeshuka. Karatasi ya maabara inapendeza. Daktari anaonyesha familia, familia inashukuru. Ungekuwa wewe, ungepunguza?

Shaka ya kwanza kubwa ilitoka kwa panya. Mwaka 1974 Webb na Tierney, watafiti wa Marekani, walichukua panya wenye mapafu mazima, wakawapumulisha kwa mashine kwa presha ya juu sana. Ndani ya saa moja tu mapafu ya panya hao yalikuwa yamejaa maji. Hawakuwa na nimonia wala jeraha. Mashine peke yake ilikuwa imewatengenezea ugonjwa unaofanana na ARDS. Waliporudia kwa presha ile ile ya juu, lakini wakiacha hewa kidogo ibaki ndani mwisho wa kila pumzi ili vifuko visijifunge kabisa, madhara yalipungua sana.

Swali likawa: kinachoumiza ni presha, au ni kiasi cha hewa? Mwaka 1988 Didier Dreyfuss na wenzake Ufaransa walilijibu kwa njia rahisi hadi unashangaa. Waliwafunga panya vifua kwa bendeji, kisha wakasukuma hewa kwa presha kubwa. Kwa sababu kifua kilifungwa, pafu halikuweza kupanuka, na halikuumia. Panya wengine walipanuliwa mapafu kwa kuvutwa kutoka nje, bila presha kubwa ndani ya njia ya hewa, na hao waliumia. Kwa hivyo adui ni kule kuvutwa kwa pafu kupita uwezo wake. Mpiga tarumbeta anaweka presha kubwa mdomoni usiku mzima na anaenda nyumbani salama, kwa sababu misuli ya kifua chake inakaza na pafu lake halitanuki kupita kiasi.

Wakati huo huo, Luciano Gattinoni huko Milano, Italia, alianza kuwapiga wagonjwa wa ARDS picha za skani, zile zinazokata mwili vipande vipande kama mkate. Eksirei ya kawaida ilikuwa imewadanganya watu wote kwa kuonyesha weupe kila mahali, wakadhani pafu lote limekuwa gumu. Skani ilionyesha kitu kingine. Kwa mgonjwa aliyelala chali, sehemu ya nyuma, iliyo upande wa chini, imejaa maji na kubanwa na uzito wa pafu lenyewe. Lakini sehemu ya mbele, juu, iko karibu sawa. Laini, wazi, inapokea hewa. Tatizo ni kwamba sehemu hiyo ni ndogo, wakati mwingine sawa na pafu la mtoto wa miaka 5 au 6. Gattinoni akaiita pafu la mtoto mchanga. Pafu la ARDS si gumu, alisema, ni dogo.

Fikiria mathree ya abiria 33 ambayo viti vingi vimeng'olewa, vimebaki 11. Makanga hajui. Kila stejini anasukuma watu 33 waingie. Wale 11 waliokaa ndio wanaopondwa. Mashine ilikuwa ni huyo makanga. Ilikuwa inapima hewa ya mtu mzima na kuisukuma ndani ya pafu la mtoto, na kwa kuwa sehemu iliyoziba haipokei kitu, hewa yote ilienda kwa ile sehemu ndogo iliyobaki nzima. Vifuko vizuri vinavutwa hadi kuta zao zinachanika, vinaanza kuvuja, vinajaza maji. Vilivyo mpakani, kati ya palipo wazi na palipoziba, vinabanduliwa na kubandikwa tena kwa kila pumzi, mara 20 kwa dakika, mchana na usiku. Na seli zinazochanwa hivyo zinamwaga kemikali za vita zaidi, ambazo haziishii mapafuni. Zinaingia kwenye damu, zinafika kwa figo, ini, moyo.

Hili la mwisho linaeleza jambo ambalo liliwatatiza madaktari tangu mwanzo: wengi wa wagonjwa wa ARDS hawafi kwa kukosa oksijeni. Wanakufa kwa sababu viungo vingine vinazima kimoja baada ya kingine. Kwa hivyo unaweza kuwa na mgonjwa mwenye kipimo kizuri cha oksijeni ambaye mashine inammaliza polepole kwa upande mwingine.

Hayo yote yalikuwa panya na picha. Ushahidi wa watu ulianza kuja. Mwaka 1998 Marcelo Amato na wenzake Brazili walichapisha jaribio la wagonjwa 53 ambapo waliopumulishwa kwa upole walikufa wachache zaidi kwa mbali. Lakini 53 ni watu wachache, na walikuwa wamebadilisha vitu vingi kwa pamoja. Jaribio lililomaliza ubishi mkubwa lilifanyika Marekani kati ya 1996 na 1999, na mtandao wa hospitali za vyuo vikuu 10. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja likapewa mililita 12 kwa kilo, jingine mililita 6, na presha ndani ya mapafu isizidi sentimita 30 za maji, ikipimwa kwa kusimamisha hewa kidogo mwisho wa pumzi. Walipanga kuendelea, lakini walipofika wagonjwa 861 kamati iliyokuwa ikiangalia matokeo ikasimamisha. Tofauti ilikuwa wazi. Kwenye pumzi kubwa walikufa asilimia 39.8. Kwenye pumzi ndogo, asilimia 31.0. Yaani katika kila wagonjwa 11 waliopunguziwa pumzi, mmoja ambaye angekufa aliishi. Hakuna dawa mpya iliyotumika, hakuna mashine mpya. Kuzungusha kitufe tu.

Na hapa kuna kitu ambacho ningependa ukibebe hata kama utasahau mengine yote. Siku za kwanza za jaribio lile, waliopata pumzi kubwa ndio waliokuwa na oksijeni nzuri zaidi. Ukipita wadi ile siku ya kwanza na ya tatu na kuangalia vipimo, ungesema hao ndio wanapona. Kumbe ndio waliokuwa wakifa zaidi. Kile kipimo ambacho madaktari walikitazama kwa miaka 30 kilikuwa kinawaelekeza njia isiyo.

Jaribio lile halikukosa wapinzani. Wengine walisema mililita 12 ilikuwa juu kuliko ilivyotumika kawaida siku zile, kwa hivyo kundi lile lilionewa. Ni hoja ya haki, na ilijadiliwa kwa miaka. Lakini haikuondoa matokeo ya panya wala skani za Milano, na leo pumzi ndogo ndiyo kanuni duniani.

Tuifanye hesabu yenyewe, maana humo ndimo makosa yanapojificha. Chukua mama wa kubuni, tuseme anauza nguo Gikomba na anaishi Kayole. Ana kilo 84, urefu sentimita 160. Nimonia imegeuka ARDS na amewekwa mashine. Ukitumia desturi ya zamani, mililita 10 mara kilo 84, kila pumzi ni mililita 840. Hapo umekosea mara mbili. Kosa la kwanza ni ile 10. La pili ni ile 84. Mapafu hayanenepi. Mama huyu alikuwa na mapafu yale yale alipokuwa msichana mwembamba wa sekondari. Ukubwa wa mapafu unafuata urefu na jinsia, kwa hivyo kilo zinazotumika ni za kukadiria kutokana na urefu:

```
Mwanamke: 45.5 + 0.91 x (urefu kwa sm - 152.4)
Mwanamume: 50 + 0.91 x (urefu kwa sm - 152.4)
```

Kwa mama wetu inatoka kilo 52.4. Mara 6, ni mililita 314. Linganisha na 840. Ni chini ya nusu. Na kama skani ingeonyesha kwamba theluthi moja tu ya mapafu yake iko wazi, ile 840 ingekuwa inaingia yote kwa theluthi hiyo.

Kifaa kinachohitajika hapa ni tepu ya fundi nguo. Mgonjwa hawezi kusimama, kwa hivyo unampima akiwa amelala, kisigino hadi utosi. Lakini wadi ikiwa na haraka, mtu anakadiria kwa macho, na binadamu aliyelala chini ya shuka anaonekana mrefu kuliko alivyo. Anayeumia zaidi ni mwanamke mfupi, kwa sababu namba ya mazoea, ile mililita 500 ambayo mkono unaizoea, kwake ni karibu mililita 10 kwa kilo.

Ukishaweka 314, kazi haijaisha. Unasimamisha hewa mwisho wa pumzi na kusoma presha. Ikiwa ni 26, sawa. Ikiwa ni 34, ina maana pafu lililobaki wazi ni dogo kuliko ulivyodhani, na unashuka hadi mililita 5 kwa kilo, yaani 262, au hata 4, yaani 210. Unaacha pia presha kidogo ibaki ndani pumzi inapotoka, ili ile mifuko iliyolowa isibandike tena.

Kuna gharama. Kila pumzi, sehemu yake inaishia kwenye koo na mirija bila kufika kwenye vifuko, kwa mama huyu labda mililita 120. Kwenye pumzi ya 840, hiyo ni hasara ndogo. Kwenye 314, ni zaidi ya theluthi. Unaongeza kasi, pumzi 30 au hata 35 kwa dakika, lakini bado kabonidioksaidi inapanda na damu inakuwa na asidi kidogo. Daktari Keith Hickling wa New Zealand aliandika mwaka 1990 kwamba kuivumilia hali hiyo ni bora kuliko kupasua mapafu kwa kuifukuza, na wakati huo ilikuwa kama kukufuru. Oksijeni nayo hailengwi 100. Kanuni ya jaribio lile ilikubali asilimia 88 hadi 95. Pia mgonjwa mwenye njaa ya hewa hataki pumzi ndogo, anapigana na mashine, anavuta juu ya pumzi aliyopewa, na zile mililita 314 zinakuwa 600 bila mtu kujua. Kwa hivyo anahitaji dawa za usingizi, na muuguzi anayemwangalia saa zote. Mashine bila huyo muuguzi ni sanduku linalosukuma hewa.

Wazo lile la pafu dogo lilizaa jingine. Kama nyuma ndiko kunakobanwa mtu akilala chali, mbona usimgeuze? Claude Guérin na wenzake Ufaransa walijaribu, na mwaka 2013 wakachapisha matokeo ya wagonjwa 466 wa ARDS kali. Waliolazwa kifudifudi kwa saa 16 hivi mfululizo kila siku, asilimia 16 walikufa ndani ya siku 28. Waliobaki chali, asilimia 32.8. Uzito unagawanyika vizuri zaidi, sehemu zilizobanwa zinafunguka, pafu la mtoto linakua kidogo, na pumzi ile ile ndogo inaumiza watu wachache zaidi ndani ya mathree. Inahitaji watu 4 au 5 wa kumgeuza mgonjwa bila kung'oa mpira wa kooni. Kitanda ni kile kile.

Sasa turudi upande wetu wa dunia. Kwa miaka mingi ARDS ilionekana kama ugonjwa wa nchi tajiri, na sababu yake ilikuwa ya kimakaratasi. Maelezo rasmi ya mwaka 2012, yaliyoandikwa Berlini, yalitaka mgonjwa awe kwenye mashine inayobakiza presha mapafuni, apigwe eksirei au skani, na apimwe oksijeni kutoka kwa damu ya ateri. Bila mashine, huna ugonjwa. Kundi la madaktari waliofanya kazi katika Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kigali, Rwanda, likaamua kuhesabu upya, na mwaka 2016 wakachapisha. Walilegeza masharti: badala ya damu ya ateri, kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni, badala ya eksirei pekee, altrasaundi ya mapafu pia, na sharti la mashine likaondolewa. Kati ya wagonjwa 1,046 waliolazwa, kwa maelezo ya Berlini wenye ARDS walikuwa sifuri. Kwa maelezo ya Kigali walikuwa 42. Nusu yao walikufa, na chini ya theluthi moja ndio walioingia wadi ya mahututi. Watu walikuwa wanakufa kwa ugonjwa ambao kwenye karatasi hawakuwa nao. Maelezo mapya ya kimataifa, yaliyoafikiwa baada ya Korona, yamechukua mengi ya Kigali.

Korona ilipokuja, watafiti walifuatilia wagonjwa mahututi katika nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwemo, kati ya Mei na Desemba 2020. Ndani ya siku 30 asilimia 48.2 walikuwa wamekufa. Huwezi kusema ni mashine zilizowaua, maana wengi walikosa hata mashine, na waliofika walifika wamechelewa. Lakini unaelewa uvumi wa plot ulivyozaliwa. Mtu akiona wawili wakiingia na mmoja akitoka, atatafuta sababu iliyo karibu, na iliyo karibu ni lile sanduku lenye taa.

Ningemjibu yule jirani aliyekataa kumpeleka mzee wake hivi. Mzee hawekwi mashine ili apone. Mashine haiponyi pafu. Pafu linajiponya lenyewe, likipewa siku, na antibiotiki au dawa nyingine ikimaliza kilicholianzisha. Mashine inanunua hizo siku, na bei yake ni majeraha. Historia yote hii, kutoka panya wa 1974 hadi wale 861, ni ya watu waliojifunza kupunguza hiyo bei. Ukifika pale na kuona oksijeni imeandikwa 90, na kifua cha mzee kinapanda kidogo tu, haraka haraka, kama cha ndege, usifikirie kwamba wamemwachilia. Inawezekana ndiyo mara ya kwanza mtu anampumulisha sawasawa. Na kama kuna swali la kumuuliza daktari kwa heshima, usiulize mashine ni ya kampuni gani. Uliza kama mzee alipimwa urefu.